Kurusha hafla ya familia kwa kiungo kisichoorodheshwa: kinalinda nini, na kinaponyoka wapi

Familia inapotaka ndugu walio mbali waishuhudie harusi, maziko au hafla ya kumaliza masomo, mara nyingi YouTube ndiyo inayotajwa kwanza, na papo hapo mtu mwingine huweka sharti kwamba watu wasiohusika wasione. Sharti hilo hujibiwa kwa neno moja lililoandikwa kwenye skrini, Unlisted, kana kwamba kulichagua kunamaliza kazi yote. Hali hiyo inatoa ulinzi wa namna moja tu, na mengi yanayoharibika siku ya hafla hutokana na kuchanganya vitu vinne vinavyokaa karibu karibu kwenye ukurasa mmoja: hali ya faragha, tangazo lililopangwa, yaani urushaji wenyewe uliowekewa siku, pamoja na kiungo chake, ufunguo wa kurushia, na saa iliyoandikwa. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna hata kimoja kinachofanya kazi ya kingine.

Tuanze na faragha yenyewe. YouTube ina hali tatu. Public ni ya wote: video huonekana kwenye utafutaji, kwenye ukurasa wa chaneli na katika mapendekezo, na wafuasi wanaweza kuarifiwa. Private ni ya walioalikwa kwa anwani za barua pepe, na kila mmoja wao analazimika kuingia kwa akaunti ya Google iliyotajwa katika mwaliko ndipo aone. Unlisted imesimama katikati. Video haionekani katika utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli, lakini yeyote mwenye kiungo anaifungua, awe na akaunti au asiwe nayo, awe amealikwa au amekiokota kiungo hicho njiani. Ni sawa na nyumba isiyo na kibao wala namba mtaani: mpita njia hataitambua, ila aliyeelekezwa akifika atakuta mlango umeegeshwa tu.

Kwa hiyo siri ya tangazo lisiloorodheshwa imo ndani ya kiungo na si mahali pengine popote. Kila video ya YouTube ina utambulisho wa herufi na tarakimu 11, ule unaofuata alama za v= katika anwani, na uwezekano wa mtu kuubahatisha ni mdogo mno kiasi kwamba familia haina sababu ya kuuhofia. YouTube yenyewe hulitazama suala hili kwa uzito. Mwaka 2017 ilibadilisha namna ya kutengeneza viungo vya video zisizoorodheshwa ili iwe vigumu zaidi kuvigundua, na Julai 2021 ikazigeuza kuwa za faragha kamili video za aina hiyo zilizopakiwa kabla ya mwaka 2017, isipokuwa pale mwenye chaneli alipoomba zibaki kama zilivyokuwa. Hatari iliyobaki, basi, haitoki kwa mtu anayebahatisha. Inatoka kwa aliyepewa kiungo kwa nia njema akakipeleka mbele.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi familia isichague Private moja kwa moja. Jibu liko kwa watazamaji wenyewe. Ndugu wengi, hasa wazee, hutumia simu ambayo akaunti yake ilifunguliwa na mjukuu miaka mingi iliyopita, hawaikumbuki anwani ya barua pepe, na wengine hutazama watatu kwenye simu moja isiyo ya yeyote kati yao. Mwaliko wa barua pepe utamfikia kila mtu isipokuwa bibi, ambaye pengine ndiye aliyesababisha hafla irushwe. Kiungo kisichoorodheshwa kinafunguka kwa kugusa mara moja, na kwa harusi au mahafali, ambapo kuonwa na mtu wa nje ni kero zaidi kuliko madhara, naona huo ndio uamuzi ulio sawa. Kwa jambo ambalo kuonwa na mgeni mmoja tu kungeleta madhara, kama kikao cha familia kuhusu mirathi au mazungumzo kando ya kitanda cha mgonjwa, kiungo cha namna hii hakifai hata kidogo. Hapo panahitajika mkutano wa video ambao mwenyeji anamruhusu kila anayeingia kwa jina lake.

Kabla ya kupanga chochote, chaneli yenyewe iwe imeruhusiwa kurusha. Ni lazima ithibitishwe kwa namba ya simu, na anayewasha huduma hii kwa mara ya kwanza anaweza kusubiri hadi saa 24 kabla ya kukubaliwa. Hapa ndipo familia nyingi hukwama asubuhi ya hafla, na hakuna njia ya mkato. Kuna pia sharti la pili lisilojulikana sana: kurusha moja kwa moja kutoka kwenye programu ya YouTube ya simu kunahitaji chaneli yenye wafuasi wasiopungua 50. Chaneli iliyofunguliwa kwa ajili ya hafla moja kwa kawaida haina hata mfuasi mmoja. Sharti hilo haligusi kompyuta, iwe unatumia kamera yake ndani ya kivinjari au programu ya kurushia kama OBS Studio. Kwa hiyo familia yenye chaneli mpya ipange kutumia kompyuta mpakato tangu mwanzo, badala ya kutegemea simu na kukataliwa dakika za mwisho.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Ibada ya ndoa itaanza Jumamosi saa nane mchana, na ndugu wapatao 40 walioko katika nchi tatu wamealikwa kutazama. Kijana wa familia amepewa kazi ya kurusha. Jumatatu kabla ya hafla anafungua studio.youtube.com kwenye kompyuta, anabofya Create, kisha Go live, na ukurasa wa udhibiti unafunguka. Upande wa kushoto kuna sehemu tatu: Stream, Webcam na Manage. Anayetaka kupanga tangazo la baadaye anaingia Manage na kubofya Schedule stream. Ukurasa huu hauna mengi, lakini majibu yanayotolewa hapa ndiyo yatakayoamua mambo Jumamosi.

Kichwa cha tangazo kinastahili kufikiriwa kidogo. Kiungo kinapobandikwa kwenye WhatsApp, chini yake hutokea picha ya jalada pamoja na kichwa, hata kabla mtu hajakifungua. Ukiandika majina kamili ya maharusi, mahali na tarehe, taarifa hizo zinasafiri na kiungo popote kiendapo, na kila atakayekiona kwa bahati mbaya atazisoma bila kubofya. Kichwa kama "Ibada ya Jumamosi" kinawatosha ndugu wanaojua ni ibada gani, na hakimwambii mgeni lolote. Picha ya jalada nayo iwe ya maua au ya rangi tupu, isiwe ya nyuso.

Kisha linakuja swali kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Kwa kuwa watoto wa familia wataonekana, wengi hujibu ndiyo, na hapo hukosea. Swali hilo linahusu video inayowalenga watoto kama watazamaji, wala haliulizi iwapo mtoto atapita mbele ya kamera. Ukijibu ndiyo, gumzo la moja kwa moja huzimwa, na ndugu walio mbali hawataweza kuandika hata neno la pongezi. Kwa ibada ya ndoa jibu ni hapana.

Mwisho ni faragha na saa. Katika orodha ya Visibility kijana anachagua Unlisted, na afanye hivyo kwa macho yake, kwa kuwa ukurasa unaweza kufunguka ukiwa umekwisha kujazwa hali nyingine kutokana na mipangilio ya chaneli au tangazo lililotangulia. Kwa upande wa saa, anaandika robo saa kabla ya ibada, yaani saa nane kasorobo, ambayo skrini itaiandika 1:45 PM. Kila mtazamaji akifungua ukurasa huo ataona saa iliyogeuzwa kwa majira ya mahali alipo. Hiyo ni faida kubwa kwa familia iliyotawanyika, kwani mwaliko unaosema tu "saa nane" utamchanganya binamu aliyeko mbali, ambaye hana hakika kama ni saa nane ya kwao au ya huku.

Akimaliza, tangazo limezaliwa na kiungo chake kimezaliwa pamoja nalo. Hakitabadilika tena. Ukurasa wake tayari unafunguka na kuonyesha kwamba tangazo linasubiriwa, na hii ndiyo sababu inayofanya kupanga mapema kuwe bora kuliko kubofya kitufe cha kurusha siku yenyewe: ndugu wanapata kiungo siku tano kabla, wanajaribu kukifungua, na mwenye tatizo analisema kungali na muda wa kumsaidia.

Kabla ya kukituma, kijana anapaswa kukijaribu kwanza kama mtu wa nje. Afungue dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halina akaunti yoyote iliyoingia, na kukibandika humo. Ukurasa wa kusubiri ukifunguka, ndugu wasio na akaunti nao wataufungua. Ukisema kwamba video ni ya faragha, basi alichagua Private bila kukusudia. Kisha, katika dirisha hilo hilo, aingie kwenye ukurasa wa chaneli. Tangazo likionekana hapo, hali yake ni Public na linapaswa kurekebishwa mara moja.

Sasa suala la nani atumiwe na kwa namna gani. Kutuma kwenye kundi kubwa la ukoo ni rahisi, lakini kundi la watu mia mbili lina watu ambao hakuna anayekumbuka walivyoingia. Kwa familia ya mfano wetu ningependekeza orodha ya majina 40 na ujumbe kwa kila mmoja au kwa kila kaya, hata kama itachukua jioni nzima. Pia ombi la kutosambaza liwe ndani ya ujumbe uleule wenye kiungo, kwa sababu ombi lililotumwa peke yake huachwa nyuma kiungo kinapopelekwa mbele. Kwa mfano:

"Shikamooni wazee wetu, na ninyi ndugu habari za siku. Ibada ya ndoa ya dada yetu itarushwa Jumamosi kupitia kiungo hiki. Mkikifungua mtaona saa kwa majira ya mahali mlipo. Tunawaomba msikipeleke kwenye kundi lolote wala kukiweka kwenye status. Kama kuna ndugu tuliyemsahau, tutajieni jina lake, tutamtumia wenyewe."

Sentensi ya mwisho ina kazi kuliko inavyoonekana. Watu wengi wanaosambaza kiungo hawafanyi hivyo kwa ukaidi. Wamegundua kwamba shangazi fulani hakualikwa, na wanaona haya kumwacha nje. Ukiwapa njia ya kumwingiza shangazi bila wao kukipeleka kiungo, umeondoa sababu kubwa ya kuvuja. Mlango mwingine ni orodha za kucheza: mtazamaji akiiweka video isiyoorodheshwa kwenye orodha yake iliyo wazi kwa wote, mtu yeyote anayeiona orodha hiyo ataipata video. Hutokea mara chache, na kwa kawaida mhusika hajui alichofanya.

Sehemu inayowatatiza hata waliozoea kurusha ni uhusiano kati ya tangazo, ufunguo na saa. Saa uliyoandika haiwashi kitu. Ikifika saa nane kasorobo na kompyuta yako haijatuma picha, ukurasa utaendelea kusubiri, na ndugu nao watasubiri. Kinachowasha ni picha kuifikia YouTube, na picha hiyo husafiri kwa kutumia anwani ya seva na ufunguo, ambavyo hunakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa tangazo na kubandikwa kwenye programu ya kurushia. Vinaonekana hivi:

```
Server: rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2
Stream key: xxxx-xxxx-xxxx-xxxx-xxxx
```

Ufunguo ni wa anayerusha, kiungo ni cha wanaotazama, na viwili hivi visichanganywe kamwe katika ujumbe. Mwenye ufunguo wako anaweza kurusha picha yake kwenye tangazo lako. Ukishautuma kwa bahati mbaya kwenye kundi, kuufuta ujumbe hakutoshi. Bofya kitufe cha kuubadilisha kwenye ukurasa wa udhibiti, kisha ubandike ule mpya kwenye programu.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hutokea hapa, nalo halileti onyo lolote. Kijana amepanga tangazo vizuri, kiungo kimetumwa, lakini Jumamosi, katika haraka, anafungua ukurasa wa udhibiti na kuanza kurusha kupitia sehemu ya Stream badala ya kuingia Manage na kuchagua tangazo aliloliandaa. Au yuko ndani ya OBS Studio iliyounganishwa na akaunti, na dirisha linalojitokeza linamtengenezea tangazo jipya kwa sababu hakugusa sehemu iliyoandikwa Select Existing Broadcast. Picha inaenda, taa zote ni za kijani, na yeye anaridhika. Kumbe anarusha kwenye kiungo kingine kabisa ambacho hakuna ndugu aliye nacho, na huenda hali yake ni Public. Ndugu 40 wanatazama ukurasa wa kusubiri huku ibada ikionwa na wageni. Dalili ni mbili. Idadi ya watazamaji kwenye ukurasa wa udhibiti inasoma sifuri au inaonyesha idadi isiyoelezeka, na simu zinaanza kuita zikiuliza mbona hamjaanza. Kinga ni mtu mmoja, asiyekuwa anayerusha, kushika simu iliyofunguliwa kwa kiungo kilekile walichotumiwa ndugu, na kutangaza kwa sauti kwamba ameona picha. Usiuamini ukurasa wa udhibiti peke yake, maana unachokuambia ni kwamba picha imefika YouTube, haukuambii kwamba imewafikia uliowaalika.

Katika mipangilio ya tangazo kuna pia swichi mbili ambazo mtu huzipita bila kuzisoma, nazo ni Enable Auto-start na Enable Auto-stop. Ya kwanza ikiwashwa, tangazo linaanza kuonekana mara picha inapofika. Ikizimwa, picha inaonekana kwako tu hadi utakapobofya Go live. Kwa hafla ya familia izimwe. Ndivyo utakavyoweza kusawazisha kamera, kusikiliza maikrofoni na kurekebisha mwanga kwa robo saa nzima, bila ndugu kuona miguu ya watu wakipanga viti. Ndivyo pia unavyoweza kufanya jaribio siku moja kabla kwa tangazo lilelile: unatuma picha, unaiangalia, kisha unaizima upande wa programu bila kubofya kitufe cha kuanza wala cha kumaliza.

Swichi ya pili ina uzito mkubwa zaidi. Auto-stop ikiwa imewashwa, YouTube hulimaliza tangazo pale picha inapoacha kufika. Hilo ni zuri kwa anayesahau kuzima, lakini intaneti ya ukumbini hukatika. Ikikatika katikati ya viapo na swichi hii ikiwa imewashwa, tangazo linaweza kuhesabiwa kuwa limekwisha, na tangazo lililokwisha halifufuliwi. Itabidi kutengeneza jingine, lenye kiungo kingine, na kuwafikia ndugu 40 upya ilhali ibada inaendelea. Ikizimwa, picha ya watazamaji inaganda au ukurasa unaonyesha kwamba unasubiri, lakini intaneti ikirudi na programu ikaunganishwa tena kwa ufunguo uleule, wanaendelea pale pale. Gharama ya kuizima ni kwamba mwisho wa hafla lazima mtu akumbuke kubofya End stream kwa mkono. Mimi huona bei hiyo ni ndogo.

Kuhusu intaneti yenyewe hakuna haja ya maelezo marefu. Kinachohitajika ni kasi ya kupakia, siyo ile ya kupakua ambayo kampuni hupenda kuitangaza. Picha ya 720p inayorushwa kwa megabiti 4 kwa sekunde huchukua takriban gigabaiti 1.8 kwa saa, hivyo hafla ya saa tatu itakula zaidi ya gigabaiti 5 za kifurushi. Pima kasi ya kupakia ukumbini, na ukikuta haizidi megabiti 4 kwa kiasi cha kutosha, shusha ubora badala ya kuvumilia picha inayokwamakwama. Wazee watasamehe picha yenye ukungu. Sauti inayokatika hawaisamehi.

Muziki una tatizo lake, na wengi hudhani Unlisted inawakinga nalo. Haiwakingi. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki husikiliza tangazo la moja kwa moja bila kujali hali yake ya faragha. Wimbo wa msanii ukipigwa kwa spika wakati maharusi wanaingia, mfumo ukautambua, picha yako inaweza kubadilishwa kwa picha tuli huku ukipewa onyo, na usiposimamisha wimbo tangazo linaweza kukatwa kabisa. Hata likipita salama, rekodi inayobaki inaweza kuzuiwa katika baadhi ya nchi, ndipo mjomba mmoja anaiona na mwingine anaambiwa haipatikani mahali alipo. Katika mfano wetu, kijana amekubaliana na mpiga muziki ishara ya mkono: kabla wimbo uliorekodiwa haujapigwa, anazima maikrofoni kwenye programu na kuacha picha iendelee, kisha anaiwasha hotuba zinapoanza. Kwaya inayoimba papo hapo ina hatari ndogo kuliko rekodi, ingawa haina kinga kamili pale inapoimba wimbo unaomilikiwa na mtu.

Turudi kwenye swali la kuvuja, maana laweza kutokea hata baada ya tahadhari zote. YouTube haikuonyeshi majina ya wanaotazama, bali idadi yao tu kwa wakati huo. Familia iliyoalika watu 40, ambao baadhi yao wanatazama pamoja, itarajie vifaa 20 au 30. Namba ikipanda hadi 90, kiungo kimetoka nje. Dalili nyingine ni majina yasiyofahamika katika gumzo, na kwa sababu hiyo ni vizuri binamu mmoja apewe kazi ya kulisimamia gumzo na kuondoa maandishi yasiyofaa.

Ukishagundua, una njia mbili. Unaweza kuvumilia na kuendelea, jambo ambalo kwa ibada ya ndoa mara nyingi ndilo la busara. Au unaweza kubadilisha hali ya tangazo kuwa Private, hatua inayomfungia nje kila mtu pamoja na ndugu halali, na kuhamia kwenye tangazo la akiba. Huwezi kubadilisha kiungo cha tangazo linaloendelea. Kwa hiyo akiba hiyo iandaliwe tangu Jumatatu, ikiwa nayo ni Unlisted, ina ufunguo wake wa pili uliotengenezwa kwa ajili yake, na kiungo chake hakijatumwa kwa yeyote. Ikihitajika, unabandika ufunguo wa pili kwenye programu na kuwatumia kiungo kipya watu wachache unaowaamini. Akiba hiyohiyo itakuokoa siku tangazo la kwanza litakapomalizwa kwa bahati mbaya. Isipotumika, inafutwa jioni.

Baada ya End stream kubofywa, kiungo hakifi. Tangazo lisilozidi saa 12 huhifadhiwa lenyewe kama video ya kawaida, kwenye kiungo kilekile, katika hali ileile ya Unlisted. Ndugu waliokuwa kazini wataifungua usiku, na hilo ndilo wengi wanalolitaka. Lakini kila aliyewahi kukipata kiungo, hata miaka mitatu baadaye, ataendelea kuifungua, na kadiri muda unavyopita ndivyo kinavyozidi kupatikana katika simu zilizouzwa, makundi yaliyobadilisha wanachama na ujumbe uliopelekwa mbele. Gumzo la siku hiyo nalo linaweza kuonekana likirudiwa pembeni ya video, kama hukulizima katika mipangilio.

Kwa familia ya mfano wetu, utaratibu ufaao ni kuwatangazia ndugu tangu mwanzo kwamba rekodi itakuwapo kwa wiki mbili. Katika siku hizo kijana anapakua nakala yake kutoka YouTube Studio na kuihifadhi kwenye diski mbili tofauti, anakata dakika za mwanzo zisizo na kitu, na wiki mbili zikiisha anaibadilisha video kuwa Private. Kuanzia hapo kiungo kilichosambaa hakifungui chochote, ilhali video haijafutwa. Ndugu atakayeiomba baadaye ataalikwa kwa barua pepe yake, au atapewa nakala mkononi. Kisichoweza kurudishwa ni kile ambacho mtazamaji alirekodi kwa skrini ya simu yake wakati ibada ikiendelea. Hakuna mpangilio wa YouTube unaokifikia, na anayetaka kukizuia ana nafasi moja tu ya kufanya hivyo, nayo ni pale anapoandika orodha ya watakaopewa kiungo.